Atmos ya Netflix inafika, TrueHD ya diski haifiki: kutafuta kasoro kati ya ARC na eARC

Unaweka diski ya 4K Blu-ray ambayo kasha lake linasema ina Dolby TrueHD na Atmos. Picha inatoka safi na spika zinalia, lakini kioo cha risiva, kile kifaa kinacholisha spika, kinaandika "Dolby Digital" tu, na spika za darini zimenyamaza. Ukihamia Netflix kwenye televisheni ileile, neno Atmos linatokea bila shida. Wengi hapo huilaumu diski au deki, kwa sababu risiva imeshaonyesha kwamba Atmos inaijua.

Atmos, hata hivyo, haisafiri kwa njia moja. Ni maelezo ya ziada yanayosema kila mlio usikike sehemu gani ya chumba, na maelezo hayo lazima yapande juu ya mkondo fulani wa sauti. Netflix huyapandisha juu ya Dolby Digital Plus, mkondo uliobanwa sana ambao kwenye huduma hiyo hauzidi kilobiti 768 kwa sekunde. Diski huyapandisha juu ya TrueHD, mkondo unaorudisha sauti ya studio bila kupoteza hata biti moja, na ambao unaweza kufikia megabiti 18 kwa sekunde. Wa kwanza unapita kwenye ARC ya kawaida, ile njia ya HDMI inayorudisha sauti kutoka televisheni hadi risiva. Wa pili haupiti. Kwa hiyo Atmos ya Netflix haithibitishi chochote kuhusu eARC, toleo pana la njia hiyo, na kasoro yako inaweza kuwa ilikuwepo tangu siku ya kwanza bila wewe kuiona.

Makala hii inahusu mpangilio huu: deki, kisanduku cha filamu au koni ya michezo imechomekwa kwenye televisheni, na televisheni inarudisha sauti kwenye risiva kwa kebo moja ya HDMI. Saundibaa zinafuata kanuni zilezile.

Njia ya kurudi ina upana gani

ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Lengo lake lilikuwa dogo: kuondoa ile kebo ya optiko ya pembeni iliyotoa sauti kwenye televisheni. Kwa hiyo ilijengwa kubeba karibu vitu vilevile vya optiko, yaani PCM, sauti isiyobanwa, ya chaneli mbili, au mkondo uliobanwa wa sauti ya kuzunguka chumba kama Dolby Digital na DTS ya kawaida, na baadaye televisheni nyingi zikaitumia pia kwa Dolby Digital Plus. Utaona mara nyingi ikitajwa kuwa na upana wa megabiti 1 kwa sekunde. Tarakimu hiyo ni ya mkato tu, maana PCM ya stereo ya biti 16 kwa 48 kHz peke yake inafika karibu 1.5. Shika hili badala yake: stereo isiyobanwa, au mzunguko uliobanwa. Mzunguko usiobanwa haumo.

eARC ilikuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, na upana wake ni takriban megabiti 37 kwa sekunde. Ukizidisha chaneli 8 kwa sampuli 192,000 kwa biti 24, unapata 36,864,000, na hapo ndipo tarakimu hiyo inapoeleweka. TrueHD inaingia. DTS-HD Master Audio, ambayo kilele chake ni megabiti 24.5, inaingia. PCM ya chaneli 8 kwa 48 kHz na biti 24, ambayo ni megabiti 9.2 tu, inaingia na nafasi inabaki.

Tofauti nyingine ni ya mazungumzo. ARC huanzishwa kwa amri za CEC, zile zinazofanya rimoti moja iwashe kila kitu. eARC ina njia yake ya data ndani ya kebo, na risiva hutumia njia hiyo kuieleza televisheni aina zote za sauti inazozijua. Mazungumzo hayo yasipofanikiwa, vifaa vingi hurudi kwenye ARC kimyakimya. Hakuna onyo lolote kwenye skrini. Sauti inatoka, na mwenye nyumba anaamini anatumia eARC kwa sababu imeandikwa kwenye tundu.

Anza kwa kusoma kioo cha risiva

Usianze kubadilisha mipangilio kabla ya kujua kinachoingia. Bonyeza `INFO` au `STATUS` kwenye rimoti ya risiva na utafute mstari wa mawimbi yanayoingia, ambao risiva nyingi huuita `Input Signal` au `Signal`. Usiusome ule wa `Sound Mode`. Huu wa pili unaonyesha kile risiva inachotengeneza, na unaweza kuandika jina lenye neno Dolby hata kama kinachoingia ni stereo iliyotandazwa kwenye spika zote. Nimeona watu wakiridhika kwa miaka na spika za darini zinazolia kwa namna hiyo, na hakuna sauti ya kweli ya juu iliyowahi kuzifikia.

Cheza diski au faili ambalo una hakika lina TrueHD. Filamu za mtandaoni hazifai kwa jaribio hili, kwa kuwa huduma kubwa za kutiririsha hutumia Dolby Digital Plus. Kisha angalia kioo kinasema nini.

Kinasoma "Dolby Digital" au "DTS" ya kawaida

Hii ndiyo dalili inayojitokeza zaidi kwa diski, na ina maelezo mazuri. Kwenye Blu-ray, kila wimbo wa TrueHD huambatana na nakala ya Dolby Digital kwa ajili ya vifaa vya zamani. DTS-HD Master Audio nayo ina kiini cha DTS ya kawaida ndani yake. Deki ikiambiwa kwamba anayepokea hajui TrueHD, hutuma ile nakala. Hupati ukimya wala ujumbe wa kosa. Unapata chaneli 5.1 zilizobanwa, huku Atmos, au DTS:X ambayo ni mfumo wa DTS unaofanana na Atmos, ikiwa imebaki kwenye diski.

Swali basi ni nani aliyeiambia deki hivyo. Deki iliyochomekwa kwenye televisheni haiioni risiva kabisa. Inasoma orodha ya uwezo inayotolewa na televisheni, iitwayo EDID, na televisheni inapaswa kuingiza kwenye orodha hiyo yale iliyoyasikia kutoka kwa risiva kwa njia ya eARC. Kama eARC haijaamka, televisheni haina sababu ya kuitangaza TrueHD.

Kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni. Kwa Samsung utakuta `HDMI-eARC Mode` iwekwe `Auto`. Kwa Sony ni `eARC mode`, nayo `Auto`. Kwa LG ni `eARC Support`, iwekwe `On`. Karibu na hapo kuna mpangilio wa muundo wa sauti inayotoka. Kama una chaguo la `Pass Through` au `Pass-Through`, lichague, ili televisheni ipitishe mkondo bila kuugusa. Ukiuacha kwenye `PCM` umeifungia njia mwenyewe. Upande wa risiva, washa udhibiti wa HDMI na ARC, na kama kuna mstari wa eARC peke yake, uwashe pia. Hakikisha pia kebo iko kwenye tundu la televisheni lililoandikwa eARC, kwa kuwa kwa kawaida ni moja tu, na kwenye tundu la kutokea la risiva lenye alama hiyohiyo. Risiva yenye matundu mawili ya kutokea mara nyingi ina eARC kwenye moja tu.

Kisha ipo sehemu ambayo haihusu televisheni. Deki nyingi za Blu-ray huja zikiwa na mpangilio wa kuchanganya sauti za menyu na za maelezo ya mwongozaji ndani ya wimbo mkuu. Kwenye deki za Sony huitwa `BD Audio MIX Setting`. Kwingine huitwa `Secondary Audio`. Ukiwa umewashwa, deki lazima ifungue TrueHD, ichanganye, kisha ifunge upya kwa muundo mwepesi, na Atmos haivuki hatua hiyo. Uzime, na uweke sauti ya kutoka kuwa `Bitstream`, yaani mkondo utoke kama ulivyo kwenye diski.

Kwa DTS kuna jambo la kujua kabla hujapoteza jioni nzima. Televisheni za Samsung tangu 2018, na OLED za LG za 2020 hadi 2022, ziliachana na DTS. Kwa televisheni za namna hiyo unaweza kukuta TrueHD inafika vizuri huku diski ya DTS-HD ikitoa stereo au ukimya. Upana wa eARC hauhusiki hapo. Televisheni haijapewa ruhusa ya kuutambua mkondo huo, na dawa ni kuipitisha deki moja kwa moja kwenye risiva.

Kinasoma PCM ya chaneli nyingi

Ukiona "Multi Ch In" au "PCM" yenye chaneli 5.1 au 7.1, pongezi kwa eARC: inafanya kazi, maana ARC isingeweza kubeba hiyo. Sauti ni kamili, haijapoteza biti. Kilichopotea ni maelezo ya Atmos, kwa sababu deki imeifungua TrueHD yenyewe na kutuma chaneli tupu. Tafuta `Bitstream` kwenye deki, au kwenye Kodi, programu ya kuchezea filamu, nenda `Settings`, `System`, `Audio`, washa `Allow passthrough`, kisha `Dolby TrueHD capable receiver` na `DTS-HD capable receiver`.

Kuna kifaa kimoja kinachovuruga kanuni hii, nacho ni Apple TV 4K. Hakitumi mkondo wa filamu kama ulivyo. Hufungua sauti, kisha hutuma PCM iliyofungashwa pamoja na maelezo ya Atmos katika muundo uitwao Dolby MAT. Muundo huo unahitaji upana wa eARC, hata kama filamu yenyewe ilitoka mtandaoni kwa Dolby Digital Plus. Ndiyo maana mtu mwenye ARC ya kawaida anaweza kupata Atmos kwa programu ya Netflix iliyo ndani ya televisheni, kisha akaikosa kwa filamu ileile kupitia Apple TV.

Kinasoma stereo, au hakuna sauti kabisa

Hali hii huwapata zaidi wenye filamu katika mafaili. Faili la MKV lililotolewa kwenye diski mara nyingi hubeba TrueHD peke yake, bila ile nakala nyepesi ya Dolby Digital. Programu ya kuchezea ikikosa njia ya kupitisha TrueHD, haina kingine cha kutuma. Huifungua iwe PCM, na ARC hukubali chaneli mbili tu za hiyo PCM. Au huilazimisha TrueHD kwa sababu wewe umeiwashia, na televisheni inaitupa. Ukimya wa namna hiyo hutokana na mpangilio wa programu unaodai uwezo ambao njia haina. Zima mstari wa TrueHD kwenye Kodi na sauti itarudi, kisha shughulikia eARC.

Ukitumia kompyuta ndogo yenye Linux, huna haja ya kubahatisha. Iulize inaona nini upande wa pili wa kebo:

```
grep -H coding_type /proc/asound/card*/eld*
```

Mstari wenye `MLP (Dolby TrueHD)` ukiwemo, televisheni imeitangaza TrueHD, na kasoro iko kwenye programu yako. Ukiona `LPCM` na `AC-3` tu, usiguse programu. Tatizo liko kati ya televisheni na risiva.

Sauti inakatika kila baada ya muda

Dolby Digital Plus inapita salama, lakini TrueHD inakatika kwa sekunde moja, inarudi, inakatika tena. Shuku kebo iliyo kati ya televisheni na risiva. eARC hutumia jozi ya nyaya ile iliyotengwa kwa ajili ya Etaneti ya HDMI, na kebo za zamani zisizo na jozi hiyo iliyosokotwa vizuri zinaweza kubeba ARC bila lawama lakini zikashindwa na mkondo mzito. Kebo iliyoandikwa `High Speed with Ethernet` inatosha. `Ultra High Speed` ni bora zaidi. Kebo ndefu za nyuzi za kioo ziangaliwe kwa makini, kwani zina mwelekeo, na si zote hurudisha sauti nyuma. Huuzwa kwa ajili ya picha, na picha zinabeba kweli, hadi siku unapozitaka kwa sauti ya kurudi.

Nyumba moja, hatua kwa hatua

Niliitwa kwenye sebule yenye spika za 5.1.2, mbili zikiwa za darini, televisheni yenye eARC, risiva yenye eARC, na deki ya 4K iliyochomekwa kwenye televisheni. Diski ya Atmos ilisoma "Dolby Digital". Netflix ilisoma Atmos. Mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa dukani anunue risiva nyingine.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuitoa televisheni kwenye hesabu. Tulichomeka deki moja kwa moja kwenye tundu la kuingilia la risiva, ambako sauti husafiri pamoja na picha kwenye nyaya kuu za HDMI na suala la upana wa kurudi halipo. Kioo bado kilisoma "Dolby Digital". Hilo lilitosha kusema kwamba deki yenyewe ina kosa, hata kama televisheni nayo ingekuwa na lake. Tulizima kuchanganya sauti, tukaweka `Bitstream`, na papo hapo kioo kikasoma TrueHD yenye Atmos. Sasa tulijua kwa hakika kwamba diski, deki na risiva vyote ni vizima.

Tulirudisha deki kwenye televisheni. "Dolby Digital" tena. Kwa kuwa deki ilikuwa imeshathibitishwa, sababu ilibaki kuwa orodha inayotolewa na televisheni. Tulikuta eARC imezimwa kwenye menyu na sauti ya kutoka iko `Auto`. Tukaiwasha, tukaweka kupitisha bila kugusa, na hakuna kilichobadilika. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Lakini deki ilikuwa bado inashikilia orodha ya zamani. Tulizima vifaa vyote na kuvichomoa ukutani kwa dakika chache, tukawasha televisheni na risiva kwanza, tukasubiri menyu ya televisheni ionyeshe kwamba kilichounganishwa ni eARC, ndipo tukawasha deki. TrueHD na Atmos ikafika.

Baada ya robo saa ya filamu, sauti ikaanza kukatika. Jaribio letu la kwanza lilitumia kebo ya deki. Kebo ya televisheni hadi risiva ilikuwa haijajaribiwa kabisa kwa mzigo mkubwa, na ilikuwa ya tangu televisheni iliyotangulia. Tulipoibadilisha, ukatikaji uliisha. Kasoro zilikuwa tatu, zimepangana moja nyuma ya nyingine, na kila moja ya zile mbili za kwanza peke yake ingetosha kuleta neno lilelile kwenye kioo. Ndiyo sababu nasisitiza kubadilisha kitu kimoja na kusoma kioo kabla ya kugusa kingine.

Kama televisheni ina ARC tu

Usitafute sasisho litakaloigeuza. eARC inahitaji vipuri vyake ndani ya televisheni, na kama mtengenezaji hajaitangaza kwa modeli yako, haipo. Chomeka deki na visanduku kwenye risiva, kisha peleka picha kwenye televisheni. TrueHD na DTS:X zitafika zote, na ARC itabaki kwa ajili ya programu zilizomo ndani ya televisheni, ambazo kwa Dolby Digital Plus inazitosha kabisa.

Ugumu unakuja kama risiva ni ya zamani na haipitishi picha ya 4K yenye HDR, au 4K kwa 120 Hz ya koni ya michezo. Kwa diski, deki yenye matundu mawili ya HDMI, kama Panasonic DP-UB820, hupeleka picha televisheni na sauti risiva kwa kebo mbili tofauti. Kwa koni ya michezo, utachagua kati ya picha na sauti, na mimi ningeipa picha tundu la televisheni. Na kama huna diski wala mafaili yenye TrueHD, unatazama filamu za mtandaoni tu kwa programu za televisheni, basi ARC yako inakupa karibu kila kitu ambacho huduma hizo zinatuma. Fedha za televisheni mpya zitafanya kazi kubwa zaidi zikinunua spika nzuri ya katikati.